Mwembe umevunjwa na mpira: ufungwe au ukatwe?

Dodoma. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Januari, siku mbili baada ya mvua nzuri, na watoto wa mtaa mmoja wa Nkuhungu walikuwa wakicheza mpira uani. Mpira uligonga ukuta, ukarudi kwa kasi na kutua kwenye mwembe mchanga uliokuwa jirani na karo la kufulia. Shina likavunjika, sehemu ya juu ikalala upande mmoja, ikiwa imeshikiliwa na ngozi ya mti tu.

Mwembe huo ulikuwa na miaka miwili tangu upandwe. Mama wa nyumba hiyo aliununua ukiwa mche uliobebeshwa, akaupitisha kwenye viangazi viwili vya Dodoma kwa maji ya kufulia na kuoshea vyombo. Mtoto wake wa kiume wa miaka tisa alijua hesabu hiyo vizuri. Ndiyo maana hakusema. Alilisimamisha shina, akaliegemeza kwenye ukuta, akapaka tope mahali palipovunjika ili ufa usionekane, kisha akaendelea kucheza.

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Mama aligundua saa kumi jioni alipokwenda kumwaga maji na kukuta majani yote ya juu yamelegea kama mboga iliyosahauliwa juani.

Ajali ya namna hii hutokea kwenye nyumba nyingi za Dodoma na mikoa ya jirani, hasa tangu upandaji wa miti majumbani ulipohimizwa kwa nguvu kupitia kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, iliyozinduliwa Desemba 2017 na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Mbuzi hupita, mpira hugonga, mtoto hupanda, upepo husukuma. Kinachofuata mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. Mti hung'olewa kwa hasira, au hufungwa kamba ya katani na kuachwa, hadi miezi mitatu baadaye kamba yenyewe ndiyo inaua kilichobaki.

Kati ya hayo mawili kuna njia ya tatu, na haihitaji zaidi ya vifaa vilivyomo ndani ya nyumba.

Mti hauungi kama mfupa

Mama huyo alimwita jirani, mzee aliyefanya kazi kwenye vitalu vya miche kwa miaka mingi.

"Shikamoo mzee. Njoo unitazamie mwembe wangu, watoto wameumaliza."

"Marahaba mwanangu. Haujaisha huo. Kwanza nani kaupaka tope?"

Swali hilo la mzee lilikuwa na sababu. Wazazi wengi wanaposikia neno kufunga mti huwaza mkono wa mtoto uliofungwa plasta. Na kweli, kuna undugu. Madaktari wana jina la aina moja ya mvunjiko wa mfupa wa mtoto, na maana yake ni "mvunjiko wa kijiti kibichi". Mfupa wa mtoto ni laini, hivyo mara nyingi hupasuka upande mmoja na kujikunja upande mwingine bila kukatika, kama kijiti kibichi kinavyofanya ukikikunja.

Lakini ufanano unaishia hapo. Mfupa uliovunjika hujenga mfupa mpya ndani ya ufa, kisha mwili huutengeneza upya kidogo kidogo hadi pengine usijue ulivunjika wapi. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyokwisha pasuka ndani ya shina haitashikana tena maisha yake yote. Mwanasayansi wa Marekani, Alex Shigo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akipasua miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone kinachoendelea ndani ya majeraha yake, alilieleza jambo hilo kwa namna rahisi: mti hauponi, bali huzingira jeraha na kulifunika kwa mbao mpya.

Mbao hiyo mpya hutoka sehemu moja tu. Ukikwaruza ngozi ya tawi bichi kwa ukucha, chini yake utaona rangi ya kijani na unyevunyevu wa utelezi. Hapo, kati ya ngozi na mbao, kuna tabaka jembamba kuliko karatasi linaloitwa kambiamu. Ndilo linalonenepesha shina mwaka hadi mwaka, na ndilo pekee linaloweza kushikana na lenzake. Watu wa vitalu wanapobebesha miembe hutegemea tabaka hilo hilo.

Hivyo kufunga shina lililovunjika ni kazi moja: kurudisha kambiamu ya juu ikutane na kambiamu ya chini, ngozi kwa ngozi, na kuzuia pasitikisike wala kukauka mpaka zishikane. Tope la mtoto lilikuwa limeingia katikati ya ufa na kuzitenganisha. Na saa sita za jua zilikuwa zimeshaanza kukausha kingo.

Vitu vitatu vya kutazama kabla ya kuamua

Mzee hakukimbilia kamba. Alichuchumaa na kutazama mambo matatu.

La kwanza ni muda. Jeraha lililofungwa ndani ya dakika chache, au angalau ndani ya saa moja, lina nafasi nzuri. Lililokaa nusu siku kwenye jua na upepo mkavu wa Dodoma lina nafasi ndogo, hata kama kwa macho linaonekana bichi. Kama huwezi kufunga papo hapo, funika jeraha kwa kitambaa kilicholowa maji safi, ukiweke kivuli, na utegemeze sehemu iliyolala ili uzito wake usiendelee kuchana ngozi.

La pili ni kiasi cha ngozi kilichobaki. Zunguka shina kwa kidole. Ikiwa nusu ya mzunguko bado imeshikana, funga bila kusita. Ikiwa imebaki theluthi, inafaa kujaribu. Ikiwa imebaki kamba nyembamba ya ngozi tu, au sehemu ya juu imekatika kabisa, usipoteze muda, kata. Hii ni kanuni ya mkono inayotumiwa na watu wa bustani, si kipimo cha maabara, lakini inatosha kukuongoza.

La tatu ni unene. Shina la unene wa penseli hadi kidole gumba linafungika. Tawi nene kama kifundo cha mkono au zaidi halifai kufungwa kwa sababu ya ule ufa wa ndani usioshikana. Litaonekana limepona kwa nje, litazaa, na siku moja likiwa na uzito wa matunda au upepo mkali litaanguka. Kwenye ua wenye watoto, tawi la namna hiyo likatwe.

Mwembe wa Nkuhungu ulikuwa na shina la unene wa kidole gumba. Umevunjika shibiri mbili na kidogo kutoka ardhini, kama sentimita 50. Ngozi iliyobaki ilikuwa theluthi hivi. Unene ulifaa, ngozi ilikuwa mpakani, muda ulikuwa umepita.

Mzee akatazama jambo moja zaidi ambalo kwa mti wa matunda lina uzito kuliko yote. Alitafuta alama ya kubebesha.

Alama iliyo karibu na ardhi

Mche wa mwembe unaouzwa kwenye vitalu kwa kawaida ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni mche wa embe la kienyeji ulioota kutoka kwenye kokwa, unaotoa mizizi yenye nguvu. Juu yake hubebeshwa kikonyo cha aina inayotakiwa, iwe Apple, Kent, Keitt au Tommy Atkins. Mahali vilipoungana hubaki alama: nundu kidogo, ngozi iliyopindapinda, au mabadiliko ya rangi, kwa kawaida shibiri moja hivi kutoka ardhini.

Alama hiyo ndiyo inayoamua kama mti uliovunjika una thamani. Ukivunjika juu ya alama, hata ukipoteza sehemu yote ya juu, kisiki kitachipua na chipukizi litakuwa la aina ile ile uliyonunua. Ukivunjika chini ya alama, kitakachochipua ni embe la kienyeji lililokuwa chini. Mti utakua na kuzaa, lakini si embe ulilolipia. Wengi hugundua hilo baada ya miaka minne ya kumwagilia.

Kwenye mwembe huu alama ilikuwa sentimita 25 kutoka ardhini. Mvunjiko ulikuwa juu yake, na kati ya hapo na ufa kulikuwa na shina zima na majani matatu.

"Basi hatupotezi kitu," mzee alisema. "Tunafunga. Ukikubali, umepata mwaka. Ukikataa, tunakata, na chini kuna akiba."

Uamuzi mzima uko kwenye maneno hayo. Kwa shina jembamba lililovunjika juu ya alama ya kubebesha, kufunga ni jaribio lisilo na hasara, kwa sababu mkasi unaweza kusubiri wiki mbili. Lililovunjika chini ya alama ndilo la kupigania kwa kila njia, maana hapo ukikata umebadilisha mti.

Walivyoufunga

Kabla ya kugusa shina, mzee aliwaambia watoto wasogee. Utomvu wa mwembe huwasha na unaweza kuunguza ngozi na kutoa malengelenge, hasa mdomoni na machoni. Anayefanya kazi hii avae glavu au aoshe mikono kwa sabuni mara amalizapo, na asijipanguse uso. Vivyo hivyo, anayekata vijiti vya kufungia asikate kwenye ua wa minyaa. Maziwa yake yakiingia jichoni huumiza vibaya. Likitokea hilo, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 na mtoto apelekwe kituo cha afya.

Vifaa vilikuwa hivi: mkasi uliofutwa kwa spiriti ya hospitali, utepe wa nailoni wa upana wa vidole viwili uliokatwa kwenye mfuko mtupu wa unga, vipande vitatu vya mwanzi vya urefu wa sentimita 30, vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, na fito moja imara ya kusimika.

Kwanza alipunguza majani. Sehemu ya juu ilikuwa na majani zaidi ya 20, yote yakivuta maji kupitia theluthi ya njia iliyobaki. Alikata nusu ya majani kwenye vikonyo vyake, akaondoa na machipukizi mawili laini ya kileleni. Hakuondoa yote, kwa sababu majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha kufunikia jeraha.

Kisha alisafisha ufa. Tope aliliondoa kwa maji safi kidogo kidogo, bila kusugua, kwa sababu kusugua kunang'oa lile tabaka la kijani. Nyuzi za mbao zilizosimama na kuzuia ufa usifunge alizikata. Ngozi iliyokwisha kuwa ya kahawia kwenye kingo aliipunguza hadi kwenye kijani.

Hatua ya tatu ilihitaji watu wawili. Mama aliinua sehemu ya juu taratibu hadi ikakaa mahali pake, vipande vikiingiliana kama kikombe kilichopasuka, na akaishikilia hapo. Mzee akaanza kuzungusha utepe kutoka chini ya ufa kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Ukizungusha kwenda juu, utepe hulaliana kama mabati ya paa na maji ya mvua huteleza nje. Ukizungusha kwenda chini, kila mkunjo unakuwa mfuko wa kuingiza maji kwenye jeraha. Alivuta utepe kwa nguvu ya kufunga bandeji imara, akavuka ufa kwa vidole vitatu kila upande, akafunga fundo.

Juu ya utepe aliweka magango, vile vipande vitatu vya mwanzi, kuzunguka shina kwa nafasi sawa. Alivifunga kwa mpira wa baiskeli sehemu mbili, juu kabisa na chini kabisa, si katikati kwenye jeraha. Mpira una faida ambayo kamba ya katani au waya hauna: hunyumbuka shina linaponenepa.

Mwisho alisimika fito shibiri moja kutoka kwenye shina na kufunga mti kwake kwa mpira uliopindwa kama namba nane, ili shina lisisuguane na fito. Kipande cha kiroba kilifungwa upande wa magharibi kuzuia jua la mchana. Mti ukapewa ndoo moja ya lita 10 jioni hiyo, na baada ya hapo kila siku ya tatu mvua isiponyesha. Mbolea hakuna. Mbolea wakati huo husukuma majani mapya ambayo njia iliyokatika haiwezi kuyanywesha.

Mama aliuliza kuhusu oili chafu ya gari, kwa kuwa alishaona miti iliyopakwa. Mzee alikataa. Oili huua tabaka lile lile linalotakiwa lifunike jeraha. Hata rangi maalumu za kupaka majeraha ya miti, zilizotumika kwa miaka mingi katika nchi nyingine, zilipochunguzwa zilionekana hazizuii kuoza.

Siku tisa za kusubiri

Siku mbili za kwanza majani yalilegea mchana na kuinuka kidogo usiku. Hiyo ni dalili ya kawaida, na inatia moyo: maji bado yanapanda. Siku ya nne hayakuinuka. Siku ya saba yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia, yamekauka yakiwa bado yameshikilia tawini.

Namna jani linavyoondoka inasema mengi. Tawi lililo hai lenye shida hulikata jani lake lenyewe, likaanguka safi ukiligusa. Tawi lililokufa ghafla halina nguvu ya kufanya hivyo, hivyo jani hukauka na kuning'inia. Siku ya tisa mzee alikwaruza ngozi kwa ukucha sehemu tatu. Juu ya mvunjiko palikuwa na kahawia kavu. Kwenye ufa wenyewe, kahawia. Chini ya ufa kwa vidole viwili, kijani.

Sehemu ya juu ilikuwa imekufa. Saa sita za jua na tope vilikuwa vimemaliza kazi kabla utepe haujafika.

Mama hakusema kitu. Mtoto, aliyekuwa amesimama nyuma yake, ndiye aliyeuliza.

"Babu, ningesema mapema ungepona?"

"Pengine," mzee alijibu. "Sasa lete mkasi, tuutunze uliobaki."

Mkato unavyokatwa

Mzee alishuka kwenye shina akikwaruza hadi alipokuta kijani kuzunguka pande zote. Ilikuwa sentimita 44 kutoka ardhini. Hapo palikuwa na kikonyo cha jani, na kwenye kwapa la kila jani kuna jicho lililolala. Alikata upana wa kidole kimoja cha mtoto juu ya jicho hilo, mkato ukiinama kidogo kuelekea upande mwingine ili maji yasitulie juu ya jicho. Mkasi ulikuwa mkali na mkato ulikuwa mmoja. Mkasi butu huponda ngozi, na ngozi iliyopondwa hukauka kwenda chini.

Hakuacha kijiti kirefu juu ya jicho. Kipande kisicho na jani wala jicho hakina kinachokilisha, hivyo hukauka, na ukavu huo huweza kushuka hadi kwenye shina zima. Majani matatu ya chini hayakuguswa. Kiroba cha kivuli kilibaki.

Kama kilichovunjika kingekuwa tawi la pembeni badala ya shina kuu, mahali pa kukata pangekuwa pengine. Tazama tawi linapotoka kwenye shina: pana uvimbe mdogo kama pete ya ngozi. Uvimbe huo ni wa shina, si wa tawi, na ndio unaofunika jeraha. Kata nje yake tu. Ukikata ukaulaza msumeno kabisa kwenye shina, umeondoa kinga ya mti. Na tawi nene likatwe kwa awamu: chini kidogo kwanza, kisha juu mbele ya hapo hadi lidondoke, halafu ndipo umalizie kwenye uvimbe. Ukianza juu moja kwa moja, uzito wake utachana ngozi ya shina hadi chini.

Si kila mmea ni mwembe

Mwarobaini ukivunjika hausumbui. Kata safi, nao huchipua kwa nguvu hata ukiwa kisiki kifupi. Mti uliochubuliwa na mbuzi ni habari nyingine: kama ngozi imeliwa kuzunguka shina lote, sehemu ya juu itakufa hata kama kwa wiki kadhaa majani ni mabichi. Usisubiri, kata chini ya palipoliwa ili machipukizi yaanze mvua zingalipo.

Mpapai una shina lenye uwazi ndani. Ukivunjika haufungiki. Kata palipo pazima na ufunike tundu kwa kopo lililogeuzwa, vinginevyo maji ya mvua hujaa ndani na kuozesha shina kabla halijachipua pembeni.

Mitende, migomba na jamii yake haina ile pete ya kambiamu, kwa hiyo magango hayasaidii lolote. Mtende wenye kilele kimoja kikivunjika, hauna jicho jingine la kuanzia.

Kwa maua ya ndani ya nyumba kanuni ni zile zile kwa kipimo kidogo. Shina laini lililopinda bila kukatika hufungwa kwa kijiti cha mshikaki kila upande na utepe mwembamba, ndani ya dakika chache. Lile ua linalotambaa lenye majani ya umbo la moyo, linalopendwa sebuleni, halina haja ya kufungwa. Kata chini ya kifundo cha jani, tumbukiza kifundo kwenye glasi ya maji, badilisha maji kila baada ya siku chache, na ndani ya wiki chache utaona mizizi. Kipande kilichovunjika huwa ua la pili.

Machipukizi mawili

Wiki ya nne baada ya mkato, mwembe wa Nkuhungu ulitoa vichomozi vitatu. Viwili vilitoka karibu na mkato, vyekundu na laini. Cha tatu kilitoka chini kabisa, karibu na ardhi.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu chipukizi la chini mara nyingi huwa nene na la haraka kuliko mengine, na mtu huona vibaya kulitoa. Lakini lilikuwa chini ya alama ya kubebesha. Lilikuwa embe la kienyeji, na likiachwa lingevuta maji na chakula hadi sehemu ya juu idhoofike. Mama alilipukuchua kwa kidole lingali laini, ambavyo ni bora kuliko kulikata, kwa sababu huondoka na macho yake.

Kati ya yale mawili ya juu, waliyaacha yote hadi yakafikia urefu wa kalamu, kwa hofu ya mbuzi na mpira. Kisha waliacha moja lililosimama wima na imara, jingine likakatwa. Lililobaki lilifungwa kwenye fito kwa mpira uliolegea, na mpira huo hufunguliwa na kufungwa upya kila mwezi. Kama sehemu ya juu ingekubali kuunga, utepe nao ungehitaji uangalizi huo huo: kuulegeza kuanzia wiki ya sita, kutazama kama kuna uvimbe wa ngozi mpya pembezoni mwa ufa, na kuacha magango hadi msimu mzima wa kukua upite. Utepe uliosahaulika huchora kiuno kwenye shina, na mti huvunjika tena hapo hapo.

Kufikia mwisho wa mvua, mwezi Aprili, chipukizi lilikuwa limepita urefu wa mvunjiko wa kwanza. Mwembe utachelewa kuzaa, pengine mwaka mmoja au zaidi. Mizizi ya miaka miwili bado iko chini, na ndiyo iliyosukuma kichomozi hicho haraka kuliko mche mpya ungeweza.

Kwenye nyumba hiyo kumebaki sheria mbili mpya. Goli limehamishiwa upande wa geti. Na mtoto akivunja kitu kilicho hai, anasema hapo hapo, na hachapwi kwa kusema. Ndoo ya kila siku ya tatu ni zamu yake.